Bahasha Nyuma ya Redio: Stahiki Moja ya Hisa Ina Thamani Gani?

Mama yangu mdogo ana hisa chache za kampuni moja iliyoorodheshwa sokoni. Siku moja alipokea bahasha ya kaki yenye fomu ya kurasa nne. Akaisoma mstari wa kwanza, akaona inamtaka alipe fedha, akaichomeka nyuma ya redio pamoja na risiti za umeme. "Hisa zangu ninazo," alisema, "nani atanigusa?"

Miezi miwili baadaye alinipigia simu. Dalali wake alikuwa amemtajia bei mpya, nayo ilikuwa chini kuliko ile aliyoizoea. "Mwanangu, nimeibiwa?" Nikamwambia, "Hapana, Mama, hujaibiwa. Ulikuwa na mali ndani ya ile bahasha, na muda wake umekwisha." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: "Mali gani? Ilikuwa ni karatasi ya kudai hela."

Ile karatasi ilikuwa tangazo la hisa stahiki. Kampuni inayohitaji mtaji huwageukia kwanza wanahisa wake yenyewe na kuwauzia hisa mpya, kila mtu kwa kiasi kinacholingana na hisa alizonazo, kwa bei iliyo chini ya bei ya soko. Nafasi hiyo ya kununua ndiyo inayoitwa stahiki. Haikulazimishi kununua, lakini ina thamani inayohesabika kwa shilingi, na ina tarehe ya kufa.

Tangazo la CRDB, 2015

Tuchukue toleo la kweli. Mwaka 2015 Benki ya CRDB, ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009, iliwatangazia wanahisa wake hisa mpya 435,306,432. Uwiano ulikuwa hisa mpya moja kwa kila hisa tano za zamani, na bei ilikuwa shilingi 350 kwa hisa. Ukizidisha utaona benki ilikuwa inatafuta zaidi ya shilingi bilioni 152.

Ili kuielewa hesabu tunahitaji namba ya tatu, yaani bei ya soko siku ya mwisho kabla hisa hazijatenganishwa na stahiki zake. Bei ya soko hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo hapa nitatumia shilingi 410 kama mfano, kwa sababu inatupa majibu yasiyo na desimali. Uwiano na bei ya 350 ni vya toleo lenyewe. 410 ni ya darasa letu.

Kuna siku moja ambayo ni lazima msomaji aifahamu. Kampuni hutangaza tarehe ya kufunga daftari la wanahisa kwa ajili ya toleo. Anayenunua hisa akawahi kuingia katika daftari hilo hununua hisa pamoja na stahiki yake, kama anayenunua mbuzi mwenye mimba. Anayechelewa hununua hisa tupu, kwa kuwa stahiki imebaki kwa aliyemuuzia. Ni wazi kwamba hisa tupu haiwezi kuwa na bei sawa na hisa yenye stahiki. Swali ni kwamba itashuka hadi wapi.

Kuchanganya mchele

Jibu lake ni la sokoni. Muuza mchele akiwa na kilo tano za mchele wa bei ya juu, akamwagia humo kilo moja ya mchele wa bei ya chini, hawezi tena kuuza kilo moja kwa bei ya juu na nyingine kwa bei ya chini. Vyote vimekuwa mchanganyiko mmoja wenye bei moja, ambayo ni wastani wa alivyochanganya.

Hisa ni hivyo hivyo. Hisa mpya zikishaingia sokoni hazina alama ya kuzitofautisha na za zamani. Hisa tano za zamani kwa shilingi 410 zina thamani ya shilingi 2,050. Hisa mpya moja inaingia na fedha taslimu shilingi 350. Jumla ni shilingi 2,400, nazo sasa zinagawanywa kwa hisa sita.

(5 × 410 + 1 × 350) ÷ 6 = 400

Hiyo 400 ndiyo bei ya kinadharia ya hisa baada ya stahiki kutengwa. Inaitwa ya kinadharia kwa sababu imetoka kwenye karatasi, si kwenye biashara ya watu sokoni. Lakini ndiyo kipimo cha kwanza cha kushika mkononi. Hisa iliyofunga kwa 410 ikifungua kesho yake kwa 400, hakuna aliyepoteza chochote. Shilingi 10 zilizotoka kwenye bei ya hisa zimehamia kwenye stahiki.

Kutoka hapo thamani ya stahiki inapatikana kwa kutoa tu. Mwenye stahiki anaweza kulipa 350 na kupata kitu chenye thamani ya 400. Nafasi hiyo ina thamani ya shilingi 50.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu huona pengo kati ya 410 na 350 na kusema wamepewa punguzo la shilingi 60. Ile 410 haipo tena pindi hisa mpya zinapoingia. Kipimo ni 400, na tofauti ni 50. Tena hata hiyo 50 si zawadi. Mtu mwenye hisa tano ameziona zote tano zikishuka kwa shilingi 10 kila moja. Tano mara kumi ni hamsini. Kilichotoka mfuko wa kulia kimeingia mfuko wa kushoto.

Msomaji akikutana na namba mbili tofauti za thamani ya stahiki, asishtuke. Wapo wanaohesabu stahiki moja kwa kila hisa ya zamani. Kwao thamani yake katika mfano huu ni shilingi 10, na zinahitajika tano kununua hisa mpya moja. Wengine huhesabu stahiki moja kwa kila hisa mpya, na kwao ni shilingi 50. Zote ni sahihi. Makosa huja pale mtu anapouziwa kwa hesabu moja na kupokea kwa nyingine. Muulize dalali wako swali moja kabla ya kukubaliana bei: "Stahiki moja inaninunulia hisa mpya ngapi?"

Watu wanne wenye hisa elfu moja

Tuwaweke mezani wanahisa wanne, kila mmoja akiwa na hisa 1,000. Kabla ya toleo kila mmoja ana mali ya shilingi 410,000, na kila mmoja amepewa nafasi ya kununua hisa mpya 200, ambazo zitagharimu shilingi 70,000.

Wa kwanza analipa zote. Anabaki na hisa 1,200 kwa bei ya 400, yaani shilingi 480,000. Ukitoa 70,000 alizotoa mfukoni, anarudi pale pale kwenye 410,000. Hakupata faida na hakupata hasara. Ameongeza tu uwekezaji wake, na sehemu yake ya umiliki wa kampuni haikupungua.

Wa pili hana fedha, au hataki kuongeza. Anauza stahiki zake zote 200 kwa shilingi 50 kila moja na kupata 10,000 taslimu. Hisa zake 1,000 zina thamani ya 400,000. Jumla ni 410,000. Naye hakupoteza kitu, isipokuwa sehemu yake ya umiliki imepungua, na amelipwa kwa kupungua huko.

Wa tatu ni mama mdogo. Hakununua, hakuuza. Hisa zake 1,000 zina thamani ya shilingi 400,000, basi. Shilingi 10,000 zake zimekwenda. Zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa yeyote aliyeuziwa zile hisa 200 alizoziacha, ambaye alilipa 350 kwa kitu cha 400. Katika matoleo mengi, mwanahisa aliyechukua stahiki zake zote huruhusiwa kuomba hisa za ziada, na ziada hizo ni hizi hizi zilizoachwa na waliolala.

Wa nne ndiye anayenifurahisha zaidi. Hana fedha za kuongeza, lakini hataki kuuza stahiki zote. Anauza stahiki 175 kwa 50 na kupata shilingi 8,750. Kwa fedha hizo hizo anazichukua zile 25 zilizobaki, kwa sababu 25 mara 350 ni 8,750 kamili. Hakutoa hata senti moja mfukoni, na sasa ana hisa 1,025. Zidisha kwa 400 upate 410,000.

Mtazame vizuri huyu wa nne, maana anatufunulia kilichofichwa ndani ya hesabu yote. Hisa zake 25 mpya zimetoka bure, lakini utajiri wake haujabadilika hata kidogo. Na zile stahiki 175 alizoziuza? Aliyezinunua alilipa 50 kwake na 350 kwa kampuni, jumla 400, yaani bei kamili. Kwa hiyo hisa 200 za bei nafuu ni sawa na hisa 175 zilizouzwa kwa bei kamili pamoja na hisa 25 za bakshishi kwa kila 1,000. Bakshishi hiyo wanahisa wanajipa wenyewe, kutoka kwenye sufuria yao wenyewe. Ndiyo maana aliyekosa sahani ndiye pekee aliyekosa chakula.

Bei ikiwa ya chini sana

Watu wengi huamini kwamba bei ya toleo ikiwa ya chini zaidi, mwanahisa amenufaika zaidi. Tuijaribu imani hiyo. Tuseme kampuni ile ile inataka fedha zile zile, shilingi 70,000 kwa kila hisa 1,000, lakini inauza kwa 200 badala ya 350. Itabidi itoe hisa mpya 350 badala ya 200. Mali yote ni 410,000 na 70,000, jumla 480,000, sasa ikigawanywa kwa hisa 1,350. Bei ya kinadharia inashuka hadi takribani shilingi 355.60.

Mwanahisa anayelipa anabaki na 480,000, sawa kabisa na mwanzo. Kwake bei ya toleo haikubadilisha kitu. Lakini mama mdogo, mwenye hisa zake 1,000 zilizokaa kimya, sasa ana takribani shilingi 355,600. Hasara yake imepanda kutoka 10,000 hadi zaidi ya 54,000.

Kwa hiyo bei ya chini haimfaidi anayeshiriki, inamwadhibu anayelala. Kampuni huchagua bei ya chini kwa sababu ya msingi: toleo hukaa wazi kwa wiki kadhaa, na ikiwa bei ya soko itashuka chini ya bei ya toleo katika kipindi hicho, hakuna mwenye akili atakayelipa zaidi kwa kitu kinachopatikana sokoni kwa pungufu. Stahiki itakuwa haina thamani, na fedha hazitapatikana. Punguzo ni nafasi ya kupumua ya kampuni. Ukiona punguzo kubwa, usishangilie. Ongeza umakini wa kutoikosa tarehe.

Mahali nadharia inapoishia

Mfano wa Shirika la Ndege la Kenya, mwaka 2012, unaonyesha hesabu hii inapokuwa kali, na pia inapofikia mwisho wa uwezo wake. Shirika hilo liliwapa wanahisa hisa mpya 16 kwa kila tano za zamani, kwa shilingi 14 za Kenya. Hisa zilizokuwapo zilikuwa 461,615,484. Mpya zilizotangazwa zilikuwa zaidi ya bilioni 1.47. Katika mchanganyiko wa namna hii, mchele mpya ndio mwingi. Kama soko lingekuwa shilingi 20 kwa mfano, bei ya kinadharia ingekuwa tano mara 20, ongeza 16 mara 14, gawanya kwa 21, yaani shilingi 15.43. Bei ya hisa ingeshuka kwa karibu robo nzima bila kampuni kupoteza chochote. Mwanahisa wa hapo aliyelala alikuwa analala juu ya sehemu kubwa ya mali yake.

Toleo hilo lilipata takribani asilimia 70 ya hisa zilizotangazwa, kiasi cha shilingi bilioni 14.5 za Kenya. Hapo tunaona udhaifu wa kwanza wa hesabu yetu: inadhani kwamba hisa zote mpya zitachukuliwa. Zisipochukuliwa zote, wastani hubadilika kwa kuwa kiasi kilichochanganywa si kile kilichoandikwa.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Fomula inahesabu kila shilingi iliyoingia kuwa shilingi moja kamili ya thamani, kana kwamba itakaa sandukuni bila kuguswa. Lakini kampuni inakusanya fedha ili izitumie. Zikitumika vizuri, shilingi moja itazaa zaidi. Zikizama, itakuwa pungufu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013 shirika hilo lilitangaza hasara ya karibu shilingi bilioni 7.9 za Kenya, na hisa yake ikauzwa chini ya zile 14 ambazo wanahisa walilipa. Hesabu ya stahiki haikukosea. Haikuwahi kuahidi lolote kuhusu biashara ya ndege.

Ndiyo maana bei ya kinadharia ni rula, si utabiri. Siku ya kwanza ya hisa tupu, weka bei ya soko kando ya rula hiyo. Katika mfano wetu wa kwanza, hisa ikifunga kwa 400, soko halijasema neno. Ikifunga kwa 408, usiseme imeshuka kwa shilingi mbili. Imepanda kwa nane, na soko linaonyesha imani na mpango. Ikifunga kwa 380, shilingi 10 za kwanza ni hesabu tu, lakini 20 zinazofuata ni hukumu ya wanunuzi kuhusu kampuni au kuhusu soko zima.

Rula hiyo hiyo inasaidia kusoma historia. Bei na gawio la miaka ya kabla ya toleo haviwezi kulinganishwa moja kwa moja na vya baadaye, kwa sababu ya zile hisa 25 za bakshishi. Gawanya namba ya zamani kwa 1.025 ndipo ulinganishe. Gawio la shilingi 10.25 kabla ya toleo ni sawa na la shilingi 10 baada yake. Asiyejua hili atalalamika kwamba gawio limepunguzwa, na pengine halijaguswa.

Fomu inayokaa mezani

Turudi kwenye bahasha. Ndani ya fomu ya namna ile utakuta sehemu chache tu za kujaza: kukubali hisa zote, kukubali baadhi, kuomba za ziada, na kumwachia mtu mwingine stahiki zako. Uuzaji wa stahiki sokoni unawezekana pale tu toleo linapouruhusu, kwa hiyo soma waraka wa toleo kuona kama mlango huo upo na unafungwa lini, maana aghalabu hufungwa siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Kama mlango haupo na huna fedha za kuchukua zote, chukua kiasi unachoweza, au fikiria kuuza baadhi ya hisa za zamani ili ulipie mpya za bei nafuu.

Unapouza stahiki, usitarajie ile 50 kamili. Wauzaji huwa wengi siku za mwisho, wanunuzi huwa wachache, na dalali ana kamisheni yake. Lakini jua mipaka yako. Kama hisa tupu inauzwa 400 na mtu anakupa shilingi 15 kwa stahiki ya hisa mpya moja, anakupunja. Na kama wewe ndiye mnunuzi na unaambiwa ulipe 80, jumlisha na 350 za kampuni: umefika 430 kwa hisa ambayo dirisha la pili inauzwa 400.

Mama mdogo sasa anajua. Juzi alinionyesha kidaftari chake cha mazao ambamo ameandika, kwa mkono wake, mambo manne ya kutafuta katika barua ya namna ile: uwiano, bei ya toleo, bei ya soko, na tarehe ya mwisho. Namba tatu za kwanza zinatosha kupata thamani ya stahiki kwa kalamu na dakika tano. Ya nne ndiyo inayoua. Kama una hisa, au mzazi wako ana hisa, leo hii hakikisha anwani na namba ya simu zilizo kwa dalali na kwenye kumbukumbu za wanahisa ni zile mnazotumia sasa, ili bahasha ikitumwa ifike. Na ikifika, ifunguliwe siku hiyo hiyo.